Geti Lisilosukumika kwa Mkono Halifai Mota

Mota za mageti ya kuteleza huuzwa kwa kilo. Kwenye boksi imeandikwa 500, au 800, au 1000, na mazungumzo ya mwenye nyumba na fundi mara nyingi huishia hapo: geti lina uzito gani, basi chukua mota inayozidi kidogo. Hesabu hiyo ina kasoro ambayo huonekana baada ya mwaka au miwili. Mota hainyanyui geti. Uzito wote umebebwa na reli iliyo chini, na kazi ya mota ni kusukuma tu. Kinachoipinga ni ukakamavu wa magurudumu, uchafu wa reli, roli za juu zinazolizuia geti lisianguke, na ile nguvu ya ziada ya kuliondoa lilipokuwa limesimama. Kilo zilizoandikwa kwenye boksi zinachukulia kwamba geti linateleza vizuri. Mafunzo niliyoyapata katika kazi hii yamerudi mahali pamoja kila mara: limiti zinazosimamisha geti mwisho wa safari, uwezo wa mota kuhisi kizuizi, na ufunguo wa kuliachia geti umeme ukikatika, vyote vitatu huwa kweli au uongo kutegemea jambo moja ambalo halina umeme ndani yake. Je, mtu mmoja akiliachia geti toka kwenye mota, anaweza kulisukuma kwa mkono mmoja toka mwanzo hadi mwisho bila kukunja uso?

Tuangalie kwanza kilichomo, maana hoja yote imesimama hapo. Ndani ya kasha la mota kuna skrubu nene ya chuma inayozungusha gurudumu la meno, na gurudumu hilo linazungusha gia ndogo iliyochomoza nje. Gia hiyo inauma meno ya ile reli ya meno iliyofungwa ubavuni mwa geti, na mota ikizunguka geti linakwenda, kwa kawaida mita 10 hadi 12 kwa dakika. Kati ya gia na reli ya meno lazima ibaki nafasi ya milimita 1 hadi 2, ili geti lisije likailalia gia. Skrubu ina tabia moja muhimu: inaweza kulizungusha gurudumu, lakini gurudumu haliwezi kuizungusha skrubu. Ndiyo maana geti lililofungwa halisukumiki kutoka nje hata mota ikiwa imezimwa. Na ndiyo maana pia pakawekwa kile kiwiko chenye kufuli: ukikifungua kwa ufunguo wake na kukivuta, gia inaachana na skrubu na geti linabaki huru kama lilivyokuwa kabla mota haijanunuliwa.

Sasa kuhisi kizuizi. Watu wengi hudhani mota ina namna ya kujua kwamba imemgusa mtu. Haina. Katika mageti mengi ya majumbani, bodi inapima kimoja tu kati ya vitu viwili: umeme ambao mota inakula, au kasi ambayo inazunguka. Mota ikizuiwa, umeme unapanda na kasi inashuka. Fundi anapanga mpaka, kwa bisibisi kwenye kitufe kidogo cha kuzungusha au kwa namba kwenye menyu, na bodi inaambiwa kwamba mpaka huo ukivukwa, geti lisimame na lirudi nyuma. Kwa bodi, mchanga kwenye reli, beringi iliyokufa, upepo wa kusi unaosukuma geti la bati, na kifua cha mtoto ni kitu kimoja: mota imeelemewa. Haiwezi kuvitofautisha. Inachoweza ni kulinganisha mzigo wa sasa na mpaka iliopewa, na mpaka huo uliwekwa na mtu mwenye bisibisi aliyetaka kumaliza kazi kabla ya jua kuzama.

Chukua geti la kawaida la uani, upana mita 4, uzito kilo 500, linaloteleza kwa magurudumu mawili yenye mfuo juu ya reli. Likiwa jipya na reli ikiwa imenyooka, mzani wa kuning'iniza, ule wa muuza samaki, ukifungwa kwenye ukingo wa geti na kuvutwa polepole utasoma kilo 10 hadi 15. Tuseme 12, yaani takriban niutoni 120. Fundi makini anaweka mpaka wa niutoni 220. Tofauti ni 100, na hiyo tofauti ndiyo atakayoihisi mtu aliyekutwa njiani kabla mota haijakubali kurudi: kama kilo 10 za kusukumwa, jambo la kuudhi lakini la kupona. Baada ya misimu miwili ya mvua, matairi yameleta tope na kokoto pale yanapovuka reli, mfuo wa gurudumu la mbele umeliwa, na beringi moja imeingia maji. Katika sehemu hiyo ya njia ya matairi geti sasa linadai niutoni 300. Mpaka wa 220 hautoshi, hivyo geti linasimama katikati na kurudi. Mwenye nyumba anapiga simu, fundi anafika, anafungua kasha, anazungusha kitufe hadi 420, geti linapita, analipwa, anaondoka. Kwa wote wawili tatizo limekwisha.

Lakini mpaka ni mmoja kwa safari nzima, na ukakamavu wa geti haufanani kila mahali. Karibu na nguzo ya kufungia, matairi hayapiti. Reli pale ni safi, na geti bado linadai niutoni 150 tu. Mpaka ukiwa 420, aliyebanwa kati ya geti na nguzo atasukumwa kwa niutoni 270 kabla bodi haijashtuka, zaidi ya mara mbili na nusu ya awali. Na nguzo ndipo mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu pale mtu hana pa kurudi nyuma. Katikati ya njia geti linaweza kukusukuma ukapepesuka; kwenye nguzo linakuminya. Nguvu iliyoongezwa kwa ajili ya tope la njia ya matairi imehamia kwa yule aliyesimama mahali pasipo na tope. Hakuna aliyekusudia hivyo, na ukilitazama geti likifanya kazi hutaona dalili yoyote. Linafunga vizuri kuliko jana.

Juu ya hiyo kuna mwendo wenyewe. Kilo 500 zikienda sentimita 20 kwa sekunde zina nishati ya jouli 10, karibu sawa na jiwe la kilo moja lililodondoka kutoka urefu wa mita moja. Bodi hata ikishtuka papo hapo, uzito huo unahitaji muda kusimama. Ndiyo sababu mota zenye akili hupunguza mwendo nusu mita ya mwisho: kasi ikiwa nusu, nishati inakuwa robo, jouli 2 na nusu. Kiwango cha Ulaya kinachohusu mageti haya, EN 12453, kinalijua jambo hili, na kwa hiyo kinapima kwa namna mbili. Geti linapobana mahali pa kufungia, penye nafasi isiyozidi sentimita 50, kishindo cha kwanza kisizidi niutoni 400, nacho kisidumu zaidi ya robo tatu ya sekunde; baada ya hapo msukumo uwe chini ya 150. Yaani kinakubali kwamba chuma kizito hakisimami mara moja, ila hakikubali kiendelee kubana.

Yanayotokea pale kipimo hicho kisipofuatwa yameandikwa. Mwaka 2010 nchini Uingereza, katika muda wa chini ya wiki moja, watoto wawili wa kike waliuawa na mageti ya umeme ya kuteleza, mmoja wa miaka 6 huko Manchester mwishoni mwa Juni, mwingine wa miaka 5 huko Bridgend, Wales, mwanzoni mwa Julai. Mamlaka ya usalama kazini ya nchi hiyo ilitoa tahadhari kwa mafundi na wenye mageti. Katika kesi ya Bridgend iliyofika mahakamani, ilionekana kwamba nguvu ya kufunga haikuwa ndani ya viwango na kwamba geti halikuwa na vilinzi vya kutosha. Lilifanya kazi yake ya kufunga, na halikusimama. Hiyo ni nchi yenye wakaguzi, vyeti, na vifaa vya kupimia nguvu ya geti. Kwetu, kutoka Mbezi hadi Nyali, hakuna anayekuja kupima, na kitufe cha nguvu kinabaki mikononi mwa yeyote mwenye bisibisi.

Fundi aliye na bodi za kisasa atanijibu kwamba hayo ni ya zamani. Bodi za leo hujifunza. Ukiiwasha mara ya kwanza, inafungua na kufunga geti mara kadhaa, inaandika kumbukumbu ya mzigo wa kila kipande cha safari, kisha inaweka mpaka kwa kila kipande peke yake. Hiyo ni kweli, na ni maendeleo makubwa. Inaondoa lile tatizo la mpaka mmoja wa safari nzima. Ila kumbukumbu hiyo ni ya siku ilipoandikwa. Geti likizeeka na kuanza kurudi njiani, jambo la kwanza ambalo fundi wa haraka hufanya ni kubonyeza kitufe cha kujifunza upya. Bodi inaandika beringi mbovu kama hali ya kawaida, inaandika tope kama hali ya kawaida, na kuanzia hapo inavitetea. Bodi inayojifunza ni nzuri pale tu inapofundishwa na geti lililo zima. Ukiifundisha na geti gonjwa, umeipa ugonjwa uwe kipimo cha afya.

Limiti nazo zina hadithi yake, na watu huichanganya na hii ya kizuizi. Katika mota nyingi limiti ni chemchemi nyembamba iliyochomoza kando ya gia. Kwenye reli ya meno hufungwa vipande viwili vya bati, kimoja kila mwisho. Geti likifika, bati linaipinda chemchemi, swichi ndogo ndani inakata, mota inazimika. Aina nyingine hutumia sumaku badala ya bati, jambo zuri kwa pwani kwa sababu chumvi haina chemchemi ya kula. Lakini kuzimika kwa mota si kusimama kwa geti. Geti huendelea kwa uzito wake sentimita kadhaa, na kadiri linavyoteleza vizuri ndivyo linavyoendelea zaidi. Fundi hulazimika kusogeza bati nyuma kidogo, ajaribu, asogeze tena, mpaka geti lisimame sentimita 2 au 3 kabla ya stopa ya chuma iliyochomelewa mwishoni. Stopa hiyo si mbadala wa limiti, wala limiti si mbadala wa stopa. Geti lisilo na stopa, swichi ikishindwa siku moja, litatoka kwenye reli na kumwangukia aliye karibu, na kilo 500 zikianguka hakuna bodi ya kuzirudisha.

Kuna dalili moja hapa ambayo imetafsiriwa vibaya mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Geti linafunga hadi mwisho, linagusa nguzo, kisha linafunguka lenyewe. Mwenye nyumba anaamka asubuhi analikuta wazi, na anaamini kwamba geti limekuwa na wasiwasi mno, linahisi vizuizi visivyokuwapo. Fundi anaongeza nguvu. Kumbe kilichotokea ni kwamba bati la limiti limelegea na kusogea, au chemchemi imevunjika, na kwa hiyo mota haikuambiwa kwamba imefika. Inaendelea kusukuma, inakutana na stopa, bodi inasema kuna kizuizi, inarudi nyuma kama ilivyoagizwa. Uwezo wa kuhisi kizuizi umefanya kazi barabara. Kilichokufa ni limiti. Ukiongeza nguvu katika hali hiyo, geti halitarudi tena, ni kweli, kwa sababu sasa mota itaendelea kusaga dhidi ya stopa kila inapofunga, mpaka muda wake wa kazi uishe au gurudumu la meno ndani linyolewe. Kumaliza ubishi ni rahisi: likiwa katikati ya safari linafunga, ipinde chemchemi kwa kijiti kuelekea upande geti linakokwenda. Mota isipozimika papo hapo, tatizo ni swichi, au waya za limiti mbili zimebadilishana. Jambo la mwisho hutokea sana pale mota inapofungwa upande wa kushoto badala ya kulia, fundi akageuza waya za mota akasahau kugeuza za limiti.

Pingamizi ninalolisikia zaidi, na lenye haki ndani yake, ni hili: ukiweka mpaka wa chini namna hiyo, geti litasimama kila siku, na familia itachoka. Watalizima kabisa, na geti lililozimwa halimlindi mtu. Nakubali kwamba uvumilivu wa watu una mwisho. Ila geti linaposimama bila sababu linatoa habari, na habari hiyo husomeka kwa mahali linaposimamia. Likisimama sehemu ileile kila mara, kagua reli na gurudumu hapo. Huenda ukakuta kokoto, reli iliyobonyea pale lori lilipopita, au kiungo cha reli kilichochomelewa kikabaki na nundu. Likisimama mahali tofauti tofauti, tazama upepo, umeme mdogo wakati wa jioni, au mijusi na sisimizi waliohamia ndani ya kasha kwa sababu pana joto. Likisimama mchana na si asubuhi, huenda jua linapiga moja kwa moja kwenye macho ya sensa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotibiwa na kitufe cha nguvu, ingawa yale ya mzigo hunyamazishwa nacho.

Na hayo macho, je? Si yanatosha? Macho ya sensa ni jozi: moja linatuma mwale usioonekana, la pili linaupokea, na mwale ukikatwa wakati geti linafunga, geti linarudi. Yana faida kubwa moja, kwamba yanazuia kabla ya kugusa. Na yakifungwa ipasavyo, waya ukikatika au jicho likifa, bodi huona njia imekatwa na kukataa kufunga, ambayo ndiyo namna salama ya kufa. Lakini mwale ni mstari mmoja, kwa kawaida nusu mita toka chini. Mtoto aliyeketi ndani ya mstari, kati ya mwale na geti, haukati. Lori lenye bodi ya juu linaweza kusimama likiwa limeupitisha mwale kati ya matairi yake. Na mwale hauoni mkia wa geti, kule nyuma ambako nondo za geti hupita kando ya ukuta, mahali ambapo mkono ulioingizwa kati ya nondo unaweza kukatwa kama kwa mkasi. Kisha lipo lile linalojulikana na kila fundi: macho yakichafuka geti halifungi, na badala ya kuyafuta, mtu anaunganisha kipande cha waya kwenye bodi ili ione njia i wazi daima. Ukifungua kasha ukakuta kiwaya kifupi kimetoka tundu moja la skrubu kwenda jingine huku macho yangali ukutani, jua kwamba yale macho ni mapambo. Yanapokuwa mapambo, kinachobaki ni mpaka wa nguvu tu, na tumeshaona nani huupandisha.

Wenye nyumba wengine huwa na sababu tofauti ya kutaka nguvu nyingi, nayo ni wezi. Wanaamini kwamba mota iliyopangwa nguvu ndogo ni geti dhaifu, kwamba mtu akilisukuma kwa bega litafunguka. Hofu ni halali, ila imewekwa mahali pasipo pake. Mpaka wa nguvu unafanya kazi geti likiwa linatembea. Geti lililosimama limeshikwa na ile skrubu isiyozungushwa kinyume, na skrubu haijui mpaka umewekwa 200 au 600. Mwizi anayejua kazi yake hasukumi. Anaingiza nondo chini ya geti na kulinyanyua mpaka reli ya meno iachane na gia, kisha analitelezesha kimya kimya. Dawa yake ni bati la kuzuia kunyanyuka, lililofungwa juu ya reli ya meno au juu ya roli za juu likiacha nafasi ndogo kuliko kina cha meno. Hilo linahitaji mashine ya kuchomelea kwa nusu saa, na halimgharimu mtoto yeyote chochote.

Tumebakiza kile kiwiko cha kuachia, ambacho wengi hukikumbuka TANESCO au Kenya Power wanapokata umeme. Mota zenye betri ya volti 12 zimefanya kisahaulike zaidi, maana geti linaendelea kufunguka gizani kana kwamba hakuna lililotokea. Lakini kiwiko hicho ndicho pekee kitakachomtoa aliyebanwa ikiwa bodi imekufa ikiwa imebana. Na hapa ndipo vitu vyote vitatu vinapokutana. Ikiwa limiti ilikuwa mbovu na mota imesaga geti hadi kwenye stopa, meno ya gia na ya reli yamekazana, na kiwiko kinakuwa kigumu kuzungusha, wakati mwingine kisiweze kabisa bila kwanza kulitikisa geti. Ikiwa magurudumu yamelika na geti limeshuka likailalia gia, ile nafasi ya milimita 2 imekwisha, na kiwiko kinakwama kwa sababu hiyo. Na hata kikifunguka, geti linalodai kilo 30 au 40 za kusukuma, usiku, likiwa na mtu kwenye nguzo anayepiga kelele, mlinzi mmoja atalihangaikia. Sijui kama wanunuzi wanaelezwa hili: kifaa cha dharura kinaachia mota tu. Hakiachii kutu.

Halafu ufunguo uko wapi? Mara nyingi uko kwenye droo ya chumbani mwa mwenye nyumba, pamoja na kitabu cha maelekezo, kwa kuhofia mlinzi atakula njama. Sababu naielewa. Ila mlinzi ana rimoti, na mwenye rimoti hahitaji ufunguo ili kumfungulia mwizi. Kumnyima ufunguo kunamzuia kufungua pale tu umeme ukikataa, ambapo ndipo anapohitajika. Ufunguo mmoja uwe kwa mlinzi, mwingine ndani, na kila anayelala hapo awe ameshakivuta kiwiko kwa mkono wake walau mara moja mchana kweupe, kwa sababu mota hutofautiana: nyingine unazungusha ufunguo kisha unavuta mlango mdogo, nyingine unazungusha ufunguo wenyewe nusu mzunguko. Jambo moja la tahadhari kwa nyumba za mteremko: geti lililoachiwa halina breki. Likiwa limefungwa kwenye reli inayoinama, ukiliachia litaondoka lenyewe na kuongeza kasi kadiri linavyokwenda. Geti la namna hiyo lisifungwe mota ya kawaida mpaka reli isawazishwe kwa pimamaji.

Kwa hiyo utaratibu ninaoushikilia huanza na kiwiko, kabla bisibisi haijatoka mfukoni. Achia mota. Sukuma geti safari nzima, kwenda na kurudi, kisha funga mzani na uvute polepole, ukisoma kilo mwanzoni, kwenye njia ya matairi, na karibu na nguzo. Namba hizo tatu ziandikwe kwa kalamu ya kudumu ndani ya mfuniko wa kasha, pamoja na tarehe na mahali kitufe cha nguvu kilipoachwa. Zikipishana sana, kwa mfano 12, 28 na 13, mpaka hauguswi mpaka ile 28 ishuke kwa ufagio, grisi, au beringi mpya, na bei ya beringi haifiki hata robo ya bei ya gurudumu la meno lililonyolewa. Mota irudishwe baada ya hapo, mpaka uwekwe chini kadiri geti linavyoruhusu, na ujaribiwe kwa kipande cha mbao kilichoegeshwa kwenye nguzo, si kwa mkono wa mtu. Fundi atakayekuja baada ya mwaka akifungua mfuniko ataona yote bila kuuliza. Akikuta kilo ni zilezile lakini kitufe kimepandishwa, kuna aliyepita hapo kwa haraka, na akikuta kitufe hakijaguswa lakini kilo zimetoka 12 hadi 19, ataagiza magurudumu wiki hiyo, kabla geti halijaanza kurudi njiani na mtu hajamwomba aongeze nguvu.